KN 3 Ave au KN 3 Rd? Jinsi vifupisho vya anwani vinavyochelewesha vifurushi Kigali na Bukavu

Herufi mbili zinatosha kukipeleka kifurushi upande usio wake wa jiji la Kigali. Anayeandika KN 3 Rd mahali palipostahili KN 3 Ave hajakosea tahajia tu, bali ametaja barabara nyingine kabisa. KN 3 Ave iko Kiyovu, katikati ya jiji, penye hoteli na ofisi kubwa. KN 3 Rd ni barabara kuu inayopita Kanogo na Rwandex hadi Sonatubes, upande wa Kicukiro. Zote mbili zipo, na hapo ndipo ubaya wa kosa hili ulipo. Anwani isiyokuwapo huweza kukamatwa mapema, pengine na karani anayeipokea, lakini anwani iliyopo isiyo sahihi hupita kila meza bila kuulizwa, hadi mchukuzi asimame barabarani akitafuta nyumba ambayo haipo hapo.

Wasemaji wa Kiswahili wanaotuma mizigo Rwanda wako katika hatari ya pekee ya kufanya kosa hili, kwa sababu ambayo haihusiani na uzembe. Lugha yenyewe inawasukuma huko. Kiswahili kina neno moja, barabara, ambalo hubeba kazi inayogawanywa na Kigali kati ya vifupisho viwili, Rd na Ave. Kina pia neno mtaa, ambalo mara ni njia ndogo kati ya nyumba, mara ni eneo zima lenye mwenyekiti wake. Mtu anayeisikia anwani kwa simu huisikia kwa Kiswahili, kisha karani wa upande wa pili huirudisha katika herufi za fomu. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, kifupisho hubadilika bila yeyote kujua.

Anwani ya Kigali inavyosomwa

Hadi miaka ya mwanzo ya karne hii, mkazi wa Kigali alimwelekeza mgeni kwa majengo: msikiti, kituo cha mafuta, duka lenye rangi fulani. Barabara chache kubwa zilikuwa na majina ya Kifaransa, kama vile Avenue de la Paix na Boulevard de l'Umuganda, lakini vichochoro vya mlimani havikuwa na jina lolote. Mfumo unaotumika sasa ulileta vibao vyenye herufi na nambari katika jiji zima, hata kwenye njia ambazo gari moja tu hupita.

Kila jina katika mfumo huo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni herufi mbili zinazotokana na Kigali na wilaya zake tatu: KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Ya pili ni nambari ya barabara. Ya tatu ni kifupisho cha aina ya barabara: Rd kwa zile kuu zinazovuka jiji, Ave kwa zile zinazounganisha maeneo, na St kwa njia ndogo zinazoingia kwenye makazi. Baada ya hapo, au wakati mwingine kabla yake, huja nambari ya nyumba.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nambari peke yake haitambulishi barabara. Tatu ya KN si tatu ya KG, na tatu ya KN yenye Ave si tatu ya KN yenye Rd. Katika miji mingine jina la barabara hubeba uzito wote: ukiandika Samora jijini Dar es Salaam, hata ukisahau kuongeza kwamba ni avenyu, mfikishaji atajua unakokusudia. Kigali hakuna Samora wa kuokoa. Jina ni nambari, na nambari hiyo hiyo inaweza kurudiwa mlima wa pili. Herufi zinazoizunguka ndizo zinazoitenganisha na ndugu zake, kwa hiyo hazipaswi kuitwa vifupisho kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Ni nusu ya jina.

Zipo pia nambari mbili katika anwani moja, ya barabara na ya nyumba, na herufi ndizo ukuta kati yake. Mtu akiandika "12, KN 3 Ave" anaeleweka. Akiziacha herufi kwa haraka na kuandika "12, 3 Kigali", amebaki na tarakimu mbili ambazo hakuna anayeweza kusema ipi ni ya mlango na ipi ni ya njia.

Bahasha kutoka Mwanza

Tuchukue mfano wa mama aliyeko Mwanza ambaye kijana wake amepata nafasi ya chuo mjini Kigali. Chuo kinataka cheti halisi cha kidato cha sita, si nakala, na usajili unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kijana amefikia kwa mjomba wake, ambaye ni mlinzi wa ofisi iliyoko nambari 12, KN 3 Ave. Jumapili usiku anampigia mama simu: "Mama, ni barabara ya KN 3, nambari 12, hapa katikati ya jiji."

Jumatatu saa nne asubuhi mama yuko kwenye kaunta ya kampuni ya usafirishaji. Karani anauliza anwani. Mama anarudia alivyoambiwa: barabara ya KN 3, nambari 12. Karani ni mtu makini na hataki kuacha pengo kwenye fomu, na barabara kwa Kiingereza alichofundishwa ni Rd. Anaandika:

```
12, KN 3 Rd
Kigali
RWANDA
```

Hakuna kitu katika mistari hiyo mitatu kinachoonekana kibaya. Maneno "katikati ya jiji", ambayo yangeweza kuzua swali, yameachwa kwa kuwa fomu haina nafasi yake. Mama anaandika nambari yake mwenyewe ya simu kama ya mawasiliano, kwa sababu kijana bado hajanunua laini ya Rwanda.

Bahasha inavuka mpaka Rusumo na kufika ghala la Kigali Jumatano alfajiri. Hapo mpangaji hasomi jina la mpokeaji. Anasoma mstari wa barabara tu, kwa sababu kazi yake ni kugawa mizigo kwa wachukuzi wa pikipiki, kila mmoja na eneo lake. KN 3 Rd ni ya mchukuzi anayeshuka upande wa Rwandex na Sonatubes. Bahasha inaingia kwenye begi lake, na kuanzia dakika hiyo iko mikononi mwa mtu ambaye leo hatapanda Kiyovu hata kidogo.

Saa sita mchana mchukuzi anafika KN 3 Rd na kutafuta nambari 12. Anachokikuta hapo hakilingani na jina lililoko kwenye bahasha. Anauliza kwa mlinzi, anaambiwa mtu huyo hajulikani. Anapiga simu iliyoandikwa kwenye lebo, inayoanza na sufuri na saba. Nambari nyingi za simu za mkononi za Tanzania huanza hivyo zikipigwa ndani ya nchi, sawa na zile za Rwanda, na zote zina tarakimu kumi. Kwa kuwa karani hakuweka +255 mbele, simu inaita kwa Mnyarwanda asiyemfahamu mama wala kijana. Huyo naye anasema, kwa ukweli kabisa, kwamba hasubiri mzigo wowote.

Kwa mtazamo wa mchukuzi, ushahidi sasa umekamilika. Anwani imefikiwa, mpokeaji hayupo, simu imekana. Anaandika kwamba mpokeaji hakupatikana, na jioni bahasha inarudi ghalani. Haiwekwi tena kwenye rafu ya mizigo ya kesho, bali kwenye rafu ya mizigo yenye utata, ambayo hushughulikiwa kwa maandishi wala si kwa pikipiki.

Hapa ndipo siku zinapopotea. Kosa lenyewe limekula nusu siku tu. Ila ofisi ya Kigali hairuhusiwi kubahatisha anwani ya mzigo wa mtu, hata kama mfanyakazi mmoja anashuku kwamba huenda ni Ave. Inaiandikia ofisi ya Mwanza. Ofisi ya Mwanza inausoma ujumbe Alhamisi asubuhi na kumpigia mama, aliyeko sokoni na simu yake haina chaji. Anapatikana jioni. Naye anasema anwani ni sahihi kabisa: ni barabara ya KN 3. Karani anathibitisha KN 3 Rd kwa mara ya pili.

Mzunguko huo wa kuthibitisha kosa ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake ni ile ile ya mwanzo. Mama na karani wanazungumza Kiswahili, na katika Kiswahili chao hakuna tofauti ya kugundua. Mtu pekee anayeweza kuiona ni aliyesimama chini ya kibao cha barabara, na huyo hakuna aliyemuuliza. Kijana anapoambiwa na mama Ijumaa asubuhi kwamba bahasha imekwama "KN 3 Rd", anatoka nje, anakitazama kibao na kuona herufi tatu, A, V na E.

Barabara, mtaa na Mtakatifu

Yeyote anayefanya kazi ya kutafsiri habari hujifunza mapema kwamba majina ya pekee hayatafsiriwi. Hakuna anayeandika kwamba mkutano ulifanyika katika mji wa Bandari ya Salama. Lakini anwani inapofika, nidhamu hiyo hulegea, kwa sababu Rd, Ave na St hazifanani na majina. Zinafanana na maneno ya kawaida yaliyofupishwa, na neno la kawaida huita tafsiri yake.

Kuirudisha tafsiri hiyo hakuwezekani. Kutoka Ave kwenda "barabara" ni rahisi, ila kutoka "barabara" kurudi kuna milango miwili, Ave na Rd, na hakuna alama ya kuonyesha mtu aliingilia upi. St nayo ikigeuzwa kuwa "mtaa" huleta shida nyingine, kwa kuwa kwa Mtanzania mtaa ni kitengo cha utawala wa mji. Msomaji anaweza kudhani ametajiwa eneo la kutafuta, si njia ya kupita.

Kifupisho cha Mt. chenyewe kinastahili tahadhari. Kwenye bahasha za Tanzania hukutwa kikisimama mahali pa Mtaa, lakini katika majina ya shule, hospitali na parokia ni Mtakatifu, na kwa wanaoandika Kiingereza ni mlima. St inafanya hivyo hivyo upande wa Kiingereza: ni njia ikija baada ya jina, na ni Mtakatifu ikija kabla yake. Ndani ya nchi moja watu huelewana kwa mazoea. Mzigo ukishavuka mpaka, mazoea hayo hayasafiri nao, na aliyeupokea hana budi kusoma kilichoandikwa.

Kuna kosa jingine la Kigali linalofanywa na watu wenye ujuzi zaidi, wale wanaojua kwamba KN ni Nyarugenge na KK ni Kicukiro. Wakiona anwani ya KN iliyo karibu na uwanja wa ndege, ambao hauko Nyarugenge, hudhani wamekamata kosa na kulirekebisha. Hawajakamata chochote. KN 5 Rd, barabara inayopita Gishushu na Remera hadi uwanja wa ndege, hubaki na herufi zake za Nyarugenge hata inapokuwa imekwisha kuziacha ardhi za wilaya hiyo. Herufi za mwanzo ni sehemu ya jina la barabara, na jina halibadiliki katikati ya safari. Hazisemi nyumba iko wilaya gani, na anayezitumia kama dira atakipeleka kifurushi kwenye KK 5 au KG 5, ambako hakukusudiwa.

Ng'ambo ya Rusizi: herufi C na mstari wake

Ukivuka mto Rusizi kutoka Rwanda na kuingia Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mfumo wa vifupisho hubadilika wote. Hali ya usalama mashariki mwa Kongo ina ucheleweshaji wake, na hiyo ni habari nyingine. Hata katika siku za utulivu, anwani ya Bukavu ina mtego ambao umejificha katika herufi moja.

Wakongo huandika anwani zao kwa desturi ya Kifaransa. Av. ni avenyu, na huko hata njia ya miguu inaweza kuitwa hivyo, kwa hiyo mtu asitarajie barabara pana. N yenye duara dogo juu yake ni nambari ya nyumba. Q yenye mstari wa mshazari ni kata ya mji, na C yenye mstari ni komuni, yaani mgawanyiko mkubwa wa jiji. Anwani inaweza kusomeka hivi:

```
Av. Lumumba n° 12
Q/Ndendere
C/Ibanda
Bukavu
```

Kwa Mkongo, C/Ibanda ni komuni ya Ibanda. Kwa karani wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, C inayofuatwa na mstari inakumbusha kifupisho kingine kabisa, c/o, ambacho maana yake ni "kwa uangalizi wa fulani". Kutokana na hapo Ibanda inageuka kuwa jina la mtu atakayeupokea mzigo kwa niaba ya mwenyewe. Ikitokea hivyo, lebo mpya inaandikwa "c/o Ibanda", mpangaji wa Bukavu anakosa komuni, na mchukuzi anamtafuta Bwana Ibanda.

Uganda ina hatari iliyo wazi zaidi. Magharibi mwa nchi hiyo ipo wilaya ya Ibanda yenye mji wa jina hilo hilo. Mzigo unaotumwa kutoka Kampala, wenye neno Ibanda lililoandikwa kubwa na neno Bukavu lililobanwa pembeni, una kila sababu ya kupandishwa basi la kwenda Ibanda ya Uganda. Hatalaumiwa aliyeupakia, alisoma jina la mji anaoujua.

Kinga hapa ni kuandika neno zima. "Commune Ibanda" haiwezi kuwa mtu wala mji wa Uganda, na inachukua nafasi ndogo tu ya ziada kwenye lebo. Bukavu nalo liandikwe kwenye mstari wake wenyewe, kwa herufi kubwa, na chini yake nchi.

Mstari wa mwisho ndio unaosomwa kwanza

Anwani huandikwa kutoka juu kwenda chini, lakini posta huisoma kutoka chini kwenda juu. Ofisi inayotuma hutazama nchi tu, kwa kuwa kazi yake ni kuchagua mfuko wa kuutia mzigo kabla mfuko huo haujafungwa na kutiwa lakiri. Ofisi inayopokea hutazama mji. Ofisi ya mji hutazama barabara au sanduku. Jina la mtu husomwa mwisho kabisa. Ndiyo maana kosa la kifupisho huuma zaidi kadiri linavyokaa chini: kosa la barabara hupoteza siku ndani ya jiji moja, ilhali kosa la nchi hupoteza majuma na huenda likauvusha mzigo bara.

Kongo ndiyo mfano wa kwanza. Nchi mbili hubeba jina hilo, na katika orodha za kompyuta moja ina herufi CD, ya Kinshasa, na nyingine CG, ya Brazzaville. Karani anayechagua CG badala ya CD anakuwa ameufunga mzigo wa Bukavu ndani ya mfuko wa Brazzaville. Kuandika JKK kwa Kiswahili hakusaidii, maana kifupisho hicho kinaeleweka na wasikilizaji wa redio kuliko wapangaji wa mifuko. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka jina la nchi liandikwe lote, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa mwisho, na zinapendekeza litajwe katika lugha inayojulikana kimataifa ili nchi za njiani zisikwame.

Kuhusu masanduku, mambo ni mepesi kiasi. S.L.P. ya Tanzania, P.O. Box ya Uganda na B.P. ya Rwanda, Burundi na Kongo ni kitu kimoja, na makarani wa posta wa ukanda huu wamezoea kuziona zote. Hapa ndipo mahali pekee ambapo kutafsiri kifupisho hakuleti madhara makubwa, ingawa ni busara kuandika kinachotumika nchi inayopokea. Madhara huja mtu anapoikabidhi kampuni ya pikipiki nambari ya sanduku bila barabara. Sanduku liko ndani ya ofisi ya posta na ufunguo anao mwenyewe. Mchukuzi binafsi hana namna ya kulifikia, na mzigo hubaki ghalani ukisubiri maelezo.

Kenya ina nyongeza yake. Nambari ya sanduku hufuatwa na kistari na tarakimu tano za ofisi ya posta lilipo sanduku hilo: 00100 ni posta kuu ya Nairobi, 00200 ni City Square, 80100 ni Mombasa. Wengi wa nchi jirani huzidondosha tarakimu hizo wakidhani ni mapambo, au huziunganisha na nambari ya sanduku. Sanduku 1234 la posta kuu na sanduku 1234 la City Square ni mali ya watu wawili tofauti, wote wa Nairobi, na bila zile tarakimu tano hakuna anayeweza kuwatenganisha.

Njia ya kuepuka haya yote ni kunakili badala ya kutafsiri. Mpokeaji asiitaje anwani kwa mdomo; aiandike kwa ujumbe wa simu, herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye kibao, au akipige picha kibao chenyewe. Mtumaji auonyeshe ujumbe huo kwenye kaunta bila kuusoma, kisha ailinganishe lebo iliyochapwa na ujumbe kabla hajalipa. Aongeze alama moja ya mahali, kama vile "Kiyovu", hata kama fomu haina nafasi yake, kwa kuwa neno hilo moja lingemfanya mpangaji wa Kigali asite alipoiona Rd. Nambari ya simu iwe ya mtu aliyeko nchi inayopokea, ikianza na msimbo wa nchi: +250 kwa Rwanda, +255 kwa Tanzania, +243 kwa Kongo.

Mtumaji anaweza pia kugundua tatizo mapema akijua la kutafuta kwenye taarifa za ufuatiliaji. Maneno "mpokeaji hakupatikana" mara nyingi humfanya mtu adhani kwamba mwenyewe alikuwa ametoka, naye hungoja wajaribu tena kesho. Ikiwa mpokeaji alikuwepo siku nzima na hakusikia hodi, maneno hayo yana maana moja tu: hodi ilipigwa kwingine. Saa hiyo hiyo aombe kusomewa mstari wa barabara kama ulivyo kwenye lebo, herufi moja moja, bila kuuliza kama anwani ni sahihi.

Kijana wa mfano wetu alifanya hivyo Ijumaa saa tatu asubuhi. Alikwenda ghalani mwenyewe na kitambulisho chake, akiwa na picha ya kibao kwenye simu. Ofisi ilihitaji idhini ya Mwanza kabla ya kumpa bahasha yenye lebo isiyolingana na anwani aliyoitaja, na idhini hiyo ilifika saa tisa alasiri. Kutoka hapo hadi chuoni ni nusu saa kwa pikipiki, na mlango wa ofisi ya usajili ulikuwa bado wazi.